Kwanini ripoti mbili za mapato hazilingani, na kwanini ile milioni 4.5 sio tatizo lenyewe

*"Kijana wangu, mimi sio mtu wa kompyuta. Dashibodi ya mauzo inaniambia mwezi wa nane tumeingiza milioni 236, mhasibu ananiletea ripoti yake inasema milioni 231.5. Duka ni moja, mwezi ni mmoja. Hiyo milioni 4.5 iko wapi, nani kaila? Kesho mchana naenda benki kuhusu mkopo, nijibu kwa lugha ya kawaida."*

Shikamoo mama, pole na majukumu.

Nianze na lile linalokunyima usingizi: hamna aliyekula hela. Hela zilizopokelewa nimezifuata zote, keshi, benki na lipa namba, matawi yote matatu, zimefika. Ila naomba usifurahi haraka maana jibu lenyewe ni baya kidogo kuliko wizi wa milioni 4.5. Mapato halisi ya mwezi wa nane ni milioni 190. Sio 236 wala 231.5. Ripoti zote mbili ziko juu, kila moja kwa sababu yake, na zimekaribiana kwa bahati tu.

Najua unajiuliza inawezekanaje ripoti mbili zikosee kwa milioni arobaini na kitu alafu zitofautiane kwa 4.5 tu. Inawezekana, kwasababu moja imejazwa na kodi na nyingine imejazwa na kitu kingine kabisa, na ukizitoa moja kwenye nyingine hivyo vitu viwili vinafutana. Ndo maana mimi tofauti ndogo huwa inanipa wasiwasi kuliko kubwa, kubwa kila mtu anaiona na anauliza, ndogo watu wanasema "aah hiyo ni makosa ya kuandika" inapita miezi na miezi.

Nilivyoligundua ni hivi. Sikuhangaika na jumla, maana jumla ikishajumlishwa haikuambii kitu, nikazipasua ripoti zote mbili kwa tawi. Kibondo dashibodi inasema 47.2, mhasibu anasema 40. Kasulu dashibodi 70.8, mhasibu 83.5. Hapa Kigoma mjini dashibodi 118, mhasibu 108. Ukiangalia hivyo tu unaona ile 4.5 haipo popote, Kibondo dashibodi imezidi kwa 7.2, Kigoma imezidi kwa 10, alafu Kasulu mambo yamegeuka, mhasibu ndo kazidi kwa 12.7. Jumlisha 7.2 na 10, toa 12.7, unapata 4.5 yako. Yaani ile namba uliyokuwa unaitafuta ni mabaki tu ya hesabu tatu zinazovutana.

Sasa Kibondo ndo ilinipa ufunguo wa kwanza. Chukua kikokotoo cha simu, gawanya 47.2 kwa 40. Inatoka 1.18 kamili, bila hata senti ya ziada. Hiyo ni VAT, asilimia 18. Dashibodi inajumlisha kiasi kilichoandikwa chini kabisa ya invoisi, kile mteja anacholipa, na ndani yake kuna kodi. Ripoti ya mhasibu inachukua bei kabla ya kodi, na kwenye hili mhasibu yuko sahihi, ile 18 sio hela yetu, tunaishika tu tunaipeleka TRA, haijawahi kuwa mapato yetu hata siku moja.

Kwahiyo kwa dashibodi nzima, milioni 236 ukiitoa VAT inabaki 200. Hapa naomba uwe makini mama, maana benki wanaweza kukuuliza ukajibu papo kwa papo: VAT iliyomo ndani ya 236 hupati kwa kupiga asilimia 18 ya 236. Ukifanya hivyo unapata 42.48, na ni kosa, kwasababu ile 18 ilipigwa kwenye bei ya kabla ya kodi, sio kwenye bei ambayo kodi imeshaingia. Unagawanya 236 kwa 1.18 unapata 200, kodi ni 36. Tofauti ya njia hizo mbili ni milioni 6.48 kwa mwezi mmoja, sio hela ya kuchezea. Na hii ya kugawanya jumla yote kwa 1.18 imefanya kazi kwetu mwezi huo wa nane kwasababu vitu vyetu vyote, saruji, mabati, nondo, rangi, vilitozwa VAT ya asilimia 18. Siku tukianza kuuza kitu kilichosamehewa kodi itabidi twende mstari kwa mstari.

Haya, twende Kasulu, ndo penye mambo. Pale mhasibu anasema 83.5 bila VAT wakati dashibodi inasema 70.8 ikiwa na VAT. Yaani bei kabla ya kodi imezidi bei baada ya kodi! Kwa tawi ambalo kila kilichopakiwa mwezi wa nane kiliandikiwa invoisi mwezi huohuo (nimeangalia dilivari noti zao zote) hicho kitu hakiwezekani. Nikashuka kwenye siku, zipo siku ripoti mbili zinapishana kwa VAT tu, safi kabisa, na zipo siku mhasibu karuka juu. Nikachukua siku iliyoruka juu kuliko zote nikashuka mpaka kwenye invoisi mojamoja, nikamkuta yule mkandarasi anayejenga madarasa. Invoisi yake ni shilingi 10,620,000 na VAT, bila VAT ni 9,000,000. Kwenye ripoti ya mhasibu ameleta mapato ya milioni 27.

Mkandarasi yule alilipa mara tatu. Alitoa milioni 4 keshi kama kianzio, milioni 5 zikapita benki, mwisho akamalizia 1,620,000 kwa lipa namba. Ukijumlisha ni 10,620,000, amemaliza deni, hana tatizo na mtu. Tatizo ni jinsi ripoti ya mhasibu inavyotengenezwa. Ile ripoti mafundi wa sistimu waliitengeneza ionyeshe vitu viwili kwa pamoja, mapato na jinsi yalivyolipwa, kwahiyo inachukua orodha ya invoisi inaiunganisha na orodha ya malipo. Kila malipo yanapewa mstari wake, na kwenye kila mstari inaandikwa tena thamani nzima ya invoisi. Malipo matatu, mistari mitatu, na kila mstari una milioni 9. Ni sawa na daftari la michango ya harusi ambalo mtu kaahidi laki tatu akawa anapunguza lakilaki, na kila akileta laki katibu anaandika upya "ahadi: laki tatu", mwisho wa siku kamati inaona jamaa kaahidi laki tisa na wanaanza kuagiza ng'ombe wa pili.

Kwa hiyo invoisi moja imetuongezea milioni 18 ambazo hazipo. Nikatafuta wenzake, nikakuta invoisi nyingine 14 za mwezi huo, Kasulu na hapa mjini, kila moja imelipwa mara mbili, jumla ya thamani yake bila VAT ni milioni 23.5, na zote zimehesabiwa mara mbili. 18 na 23.5 ni 41.5. Kasulu peke yake imebeba 24.5, Kigoma mjini 17, Kibondo sifuri maana wateja wa Kibondo wanalipa mara moja wanaondoka, ndo maana kule hesabu ilitoka safi.

Utauliza mbona hatukuliona zamani. Sababu ni mbili. Moja, zamani watu wengi walikuwa wanalipa keshi kwa mkupuo, siku hizi lipa namba imeshika, na mteja wa mzigo mkubwa akigota kwenye kiwango cha muamala anagawanya, nusu anatuma leo nusu kesho, au anachanganya simu na benki. Kila anayegawanya malipo anaivimbisha ripoti bila kujua. Ya pili ndo imenifurahisha, kama naruhusiwa kusema hivyo. Ripoti ile ina safu mbili, safu ya mapato na safu ya malipo yaliyopokelewa. Safu ya malipo iko sahihi kabisa, kila malipo yametokea mara moja tu, na mhasibu wetu ni mtu makini, kila mwezi anayatafuta malipo yaliyomo mle mojamoja kwenye stetimenti ya benki na ya lipa namba na yanalingana mpaka shilingi ya mwisho. Sasa ukishaona upande mmoja wa ripoti unalingana na benki, nani ataushuku upande wa pili? Mimi simlaumu hata kidogo, alikagua kilichokaguliwa siku zote.

Kipande hiki hapa chini usikisome mama, mfowadie kijana wa sistimu, yeye atakielewa kwa dakika moja. Kwanza aendeshe hiki:

```sql
SELECT COUNT(*), COUNT(DISTINCT i.id)
FROM invoices i
LEFT JOIN payments p ON p.invoice_id = i.id
WHERE i.delivered_at >= '2025-08-01'
  AND i.delivered_at <  '2025-09-01';
```

Namba mbili zitakazotoka zilitakiwa zilingane. Kwangu zimetoka 628 na 612, yaani nyaraka ni 612 ila ripoti inajumlisha mistari 628, mistari 16 imezidi. Na hiyo 16 inaelezeka yote: mkandarasi kaongeza 2, zile 14 zimeongeza mojamoja. Dawa ni kuyajumlisha malipo kwanza ili kila invoisi iwe na mstari mmoja, ndo uunganishe:

```sql
LEFT JOIN (
  SELECT invoice_id, SUM(amount) AS paid
  FROM payments
  GROUP BY invoice_id
) p ON p.invoice_id = i.id
```

Mwambie pia asije akaitibu kwa njia ya mkato ya `SUM(DISTINCT ...)`, maana najua vijana wanaipenda. Ile inafuta kiasi kinachofanana, haiangalii ni invoisi ya nani, kwahiyo wateja wawili wakinunua saruji ya bei ileile mmoja wao anapotea kwenye hesabu, na hapo tutatoka kwenye kuzidisha tuingie kwenye kupunguza, alafu hilo ni gumu zaidi kulikamata. Na ile `LEFT` aiache palepale. Akiitoa, wateja wa mkopo ambao hawajalipa hata mia watafutika kwenye mapato kabisa.

Sasa turudi kwako. Tumebakiza Kigoma mjini, na hapa sio kosa la mtu, ni ripoti mbili zinauliza maswali tofauti. Dashibodi inaangalia tarehe ya invoisi, mhasibu anaangalia tarehe mzigo ulipotoka stoo. Tarehe 29 tulitoa invoisi ya mabati na nondo, milioni 11 bila VAT, mteja akalipa, lakini mabati yalikuwa bado njiani kutoka Dar na lori la mteja limepakia tarehe 2 mwezi wa tisa. Kihasibu hayo ni mapato ya mwezi wa tisa, mpaka mzigo utoke ile hela ni deni letu kwa mteja, maana mabati yasingefika ilibidi tumrudishie. Na kinyume chake kuna mzigo wa milioni 4 ulioandikiwa invoisi mwezi wa saba ukapakiwa mwezi wa nane, huo ni wa mwezi wa nane hata kama dashibodi iliuhesabu mwezi uliopita. Watu wengi wanakumbuka kutoa za mwisho wa mwezi wanasahau kuingiza za mwanzo.

Alafu kuna vilivyorudishwa, rangi na vigae, milioni 3 bila VAT, mbili za hapa mjini na moja ya Kasulu. Tulitoa krediti noti, mhasibu kazitoa kwenye mapato, dashibodi haizijui kabisa, yenyewe inaangalia invoisi tu.

Kwahiyo njia ya kutoka dashibodi ni 236, toa VAT 36 inabaki 200, toa 11 za mwezi wa tisa, ongeza 4 za mwezi wa saba, toa 3 zilizorudi, unafika 190. Njia ya kutoka kwa mhasibu ni fupi, 231.5 toa 41.5 zilizorudiwa, unafika 190. Mimi huwa siamini namba mpaka niifikie kwa njia mbili ambazo hazijuani, na hizi hazijuani. Nimeipitia kwa tawi pia, Kibondo 40, Kasulu 59, Kigoma 91.

Benki kesho taja 190. Ila usiende na namba tupu, kwasababu afisa mikopo karibu lazima atataka ritani za VAT, na ya mwezi wa nane itakuwa na namba nyingine. VAT haifuati lori. Ukishatoa invoisi au ukishapokea hela, kodi imeshaiva hata kama mabati bado yako njiani, kwahiyo ile milioni 11 inaingia kwenye ritani ya mwezi wa nane, na ile 4 ilishaingia ya mwezi wa saba. Ritani itasoma mauzo ya 197 bila VAT, yaani 200 kutoa krediti noti 3, na kodi ya mauzo milioni 35.46. Akikuuliza mbona wewe unasema 190 na ritani ni 197, jibu ni hizohizo mbili, toa 11 ongeza 4. Nimekuandalia karatasi moja yenye hizo hatua, dilivari noti ya yale mabati nimeiambatanisha, na jumla ya Z ripoti za mashine za EFD za matawi yote matatu, ambayo ni 236 kamili. Hiyo 236 akiiona kwenye Z ripoti asishtuke, ndo ileile ya dashibodi, ina VAT ndani na haijatolewa zilizorudishwa.

Kuifuta dashibodi mimi sishauri, najua utasema tuifute. Kwa kujua leo kaunta zimeandika invoisi ngapi na kwa kulinganisha na EFD hiyo ndo yenyewe, ni jina tu linapotosha, pale juu pameandikwa "Mapato" wakati ilitakiwa iandikwe "Invoisi zilizotolewa, pamoja na VAT". Hiyo inabadilishwa kwa dakika tano. Ripoti ya mhasibu isubiri irekebishwe, na ikisharekebishwa nitarudi nyuma mwezi kwa mwezi kwa kipimo kilekile cha kulinganisha mistari na nyaraka. Naomba tu usiniombe leo nikuambie miezi ya nyuma imezidi kwa kiasi gani. Haiwezi kuwa 41.5 kila mwezi, inategemea waliogawanya malipo mwezi huo ni wangapi na mizigo yao ilikuwa mikubwa kiasi gani, mwezi mmoja inaweza kuwa laki tano na mwingine ikawa milioni sitini.

Kitu cha mwisho, na hiki hakiwezi kungoja mpaka urudi benki. Kamisheni ya matawi tunapiga asilimia 1 kwenye ripoti ya mhasibu, na Kasulu kwenye karatasi ya malipo ya ijumaa wameandikiwa 835,000. Stahiki yao ni 590,000. Kigoma mjini wameandikiwa 1,080,000, stahiki ni 910,000. Kibondo laki nne iko sawa. Naomba unitumie meseji tu ya "simamisha" nimwambie mhasibu asitoe, maana ikishaingia kwenye simu za watu kuirudisha itakuwa kesi, na wale vijana wa Kasulu hawajafanya kosa lolote.